Lati Haijui Inapewa Nini

Mtu akitazama kwa mara ya kwanza monita ya kamera iliyowekwa kwenye S-Log3, hudhani lenzi ina ukungu. Shela la bibi harusi limekuwa la kijivu, suti nyeusi ya bwana harusi nayo ni ya kijivu, na nyuso zote zimepauka. Hakuna kilichoharibika. Kamera imebana tofauti ya mwanga na giza kwa makusudi, ili jua linalopiga shela na kivuli kilicho chini ya mwembe viingie vyote kwenye faili moja bila upande wowote kupotea. Picha ya namna hii huitwa logi. Haikutengenezwa ili itazamwe. Imetengenezwa ili ihifadhiwe mpaka mhariri aifikie.

Lakini watu wanataka kuitazama palepale. Mwongozaji anataka kujua kama uso unaonekana, anayeshika fokasi anataka kuona kope, na shangazi wa bibi harusi ameshasogea kwenye monita anauliza mbona wamekuwa wamefubaa hivyo. Hapo ndipo inapoingia lati, ambayo kwenye menyu za kamera na za programu za uhariri huandikwa LUT. Kazi yake ni kuipokea picha iliyopauka na kuitoa ikiwa na weusi, weupe na rangi za kawaida za skrini, yaani zile za kipimo kinachoitwa Rec.709. Lati hiyohiyo, au ndugu yake, itatumika tena siku ya uhariri. Kati ya siku hizo mbili kuna njia ndefu, na kazi nyingi huharibikia njiani: rangi iliyokusudiwa macho tu inajikuta imechomelewa kwenye faili, au inawekwa mara mbili, au inawekwa juu ya picha ambayo haikuwa yake.

Ili kuelewa kwa nini haya hutokea, fungua lati yenyewe. Faili nyingi zinazozunguka mikononi mwa wapiga video huishia na `.cube`, nazo ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma kwa programu yoyote ya kuandikia. Mwanzo wake huwa hivi:

```
TITLE "mfano"
LUT_3D_SIZE 33
0.000000 0.000000 0.000000
```

Baada ya hapo ni namba tatutatu kila mstari: nyekundu, kijani, buluu. Hiyo 33 inamaanisha kwamba kila rangi kati ya hizo tatu imegawanywa vituo 33 kutoka giza hadi mwanga wa mwisho, kwa hiyo jedwali zima lina 33 mara 33 mara 33, sawa na mistari 35,937. Kila nukta ya picha inapofika, programu hutazama namba zake tatu, hutafuta vituo vilivyo karibu nazo, husoma majibu yaliyoandikwa pale, na kukadiria jibu la katikati. Basi. Lati haina macho wala hesabu ya kufikiri. Ni orodha ya maswali na majibu yaliyokwisha kuandikwa.

Kilicho muhimu zaidi ni kile ambacho hakimo kwenye faili. Hakuna mstari unaolazimika kusema kwamba jedwali hili lilitengenezwa kwa S-Log3 na si kwa logi ya Panasonic au ya Canon, au kwamba linatarajia rangi za upana fulani. Ukiipa picha yoyote ile, itajibu. Haitakataa, haitaonya, na jibu lake mara nyingi litakuwa zuri kiasi cha kukufanya usishuku.

Tuchukue kamera za Sony, kwa kuwa ndizo nyingi mikononi mwa wanaopiga harusi na video za muziki kwetu. Kwenye kamera zake nyingi ndogo, mpangilio wa picha ulioandikwa PP7 hutoa S-Log2, PP8 hutoa S-Log3 yenye rangi za S-Gamut3.Cine, na PP9 hutoa S-Log3 ileile lakini yenye rangi za S-Gamut3, ambazo ni pana zaidi. Lati nyingi za Sony, zikiwamo zile ambazo majina yake huanza na `SLog3SGamut3.Cine`, zimeandikwa kwa ajili ya PP8 tu. Sasa chukua kipande kilichopigwa PP7 ukiwekee lati hiyo. Sony iliweka kijivu cha wastani, kile cha kadi ya asilimia 18, kwenye asilimia 41 ya kipimo cha mwanga kwa S-Log3, lakini kwa S-Log2 kipo kwenye 32. Lati itakipokea kijivu cha 32 na kukitafsiri kuwa ni kitu kilichokuwa gizani. Sehemu za kati na za giza zitashuka, na mhariri atasema mpiga video hakuweka mwanga wa kutosha.

Hilo angalau linaonekana. PP9 ni mtihani mgumu zaidi, maana mwanga wake ni uleule wa PP8. Kijivu kipo mahali pake, weupe upo mahali pake. Rangi ndizo zinazotoka hafifu, kwa sababu kamera ilizigawanya kwenye uwanja mpana na lati inazisoma kana kwamba uwanja ni mdogo. Midomo iliyopakwa rangi nyekundu inafifia, ngozi ya kahawia inaelekea ukijivu. Mhariri asiyejua ataongeza ukolezi wa rangi mpaka aridhike, na hapo kitenge kilichokuwa cha njano tayari kitaanza kupiga kelele huku ngozi bado haijakaa sawa. Hakuna kitufe cha ukolezi kinachoweza kurekebisha kosa la upana wa rangi, kwa kuwa rangi hazikupungua kwa kiasi kimoja wala kuelekea upande mmoja.

Lokesheni: fuata waya

Njia nzuri ya kuzuia rangi isichomelewe ni kuifuata picha kutoka kwenye kamera, waya kwa waya, na kuuliza kila mahali: hapa inapita logi, au inapita picha iliyokwisha kupewa lati? Maswali yapo matatu tu kwa kawaida: kinachokwenda kwenye kadi, kinachotoka kwa waya wa HDMI au SDI, na kinachofanywa na monita yenyewe.

La kadi ndilo zito. Kamera ya Sony FS7, iliyotoka 2014 na ambayo bado inakodishwa na kufanya kazi, ina menyu ya `Monitor LUT` ambamo waya wa kwanza wa SDI na kurekodi ndani ya kamera vimewekwa kwenye mstari mmoja. Ukiwasha lati ili mwongozaji aone vizuri kwenye waya huo, umeiwasha na kwenye kadi pia. Jina la menyu linakwambia monita, lakini kinachoguswa ni kadi. Anayeijua kamera hii humpa mwongozaji waya wa pili, ambao una mstari wake, na wa kwanza anauacha kwenye logi.

Kamera za karibuni zimeondoa mtego huo na kuleta mwingine. FX3, baada ya kupata programu mpya ya mwaka 2022, ina mpangilio wa `Cine EI` ambamo lati huonyeshwa kwenye skrini na kadi hupokea S-Log3 safi. Hapo upo salama. Lakini baadhi ya kamera za Sony zina pia mipangilio ya picha iitwayo `PPLUT1` hadi `PPLUT4`, ambamo unapakia lati yako mwenyewe, na hiyo hurekodiwa kama unavyoiona. Mtu anaweza kuwa na lati moja, akaipakia kwenye menyu mbili tofauti, akapata skrini mbili zinazofanana kabisa na faili mbili zisizofanana hata kidogo.

Kwa nini iwe msiba? Kwa sababu jedwali lina njia ya kwenda lakini si lazima liwe na ya kurudi. Lati yenye weupe mkali inaweza kuchukua mianga mitano tofauti ya shela, kuanzia mkunjo uliopo kivulini hadi ukingo unaopigwa na jua, na kuijibu yote kwa namba moja ya weupe. Faili ikishaandika namba hiyo moja, hakuna lati ya kinyume itakayojua ni ipi kati ya ile mitano. Urembo wa shela umekwenda.

Kuna wanaochomelea kwa kujua, na sioni kosa. Anayerusha harusi moja kwa moja, au anayepaswa kukabidhi video usiku uleule, hana siku za kukaa na logi. Wanaokosea ni wale wanaodhani hawakuchomelea.

Namna ya kujua ni ya dakika chache, na ifanyike kabla wageni hawajafika. Weka kadi ya kijivu na karatasi nyeupe ya kawaida kwenye mwanga mmoja, rekodi sekunde chache, kisha ifungue faili kwenye kompyuta, si kwenye kamera, bila lati yoyote, uitazame kwenye grafu ya mwanga. Wengi hutazama kijivu pekee, na kijivu hudanganya. Lati nyingi za Rec.709 hukiacha karibu palepale kilipokuwa, kwa hiyo faili safi na faili iliyochomelewa zinaweza kukupa kijivu kinachokaribiana. Karatasi nyeupe ndiyo inayosema kweli. Kijivu kikiwa kwenye 41, S-Log3 huweka weupe wa karatasi kwenye asilimia 61 hivi. Ukiikuta imepanda juu sana kuliko hapo, kwenye 80 na kitu, kuna lati iliyopita. Funika lenzi pia: giza tupu la S-Log3 hukaa asilimia tatu na nusu juu ya sifuri, halifiki chini kabisa.

Swali la pili na la tatu huja pamoja. Monita nyingi zinazofungwa juu ya kamera zina nafasi ya kuwekea lati. Kamera nayo inaweza kuitoa picha kwenye waya ikiwa imeshapewa lati. Zote mbili zikiwashwa, picha inapita kwenye jedwali mara mbili: weusi unazama, weupe unawaka, ngozi inakuwa ya chungwa. Na kama waya huo unaingia kwenye kinasa cha nje badala ya monita tupu, lati ya kamera imeshachomelewa humo hata kama kadi ya ndani ni safi.

Tukiachia mbali kinasa, mtu anaweza kusema lati mbili za monita hazina neno, si ni za kutazama tu? Zina neno kubwa. Uso mweusi wa bwana harusi kwa kawaida huwa chini ya kijivu, tuseme stopu moja, na lati yenye utofauti mkali huushusha zaidi. Zikiwa mbili, uso unabaki macho na meno. Mpiga video akiona hivyo anafungua tundu la lenzi, stopu moja, pengine mbili, mpaka uso uonekane vizuri kwenye monita. Kadi inapokea S-Log3 safi isiyo na lati hata chembe, lakini iliyozidishiwa mwanga kwa sababu ya lati. Kosa halikupita kwenye waya, limepita kwenye mkono wa mtu. Kwa hiyo mwanga upimwe kwa kadi na grafu inayosoma logi, na picha yenye lati iachiwe kazi ya kutazama fremu, nyuso na mavazi. Kabla ya kuiamini grafu ya monita, jua kama inapima kabla ya lati au baada yake. Izime lati na uone kama mistari ya grafu inacheza.

Stopu moja, kutoka mwembeni hadi mezani

Kuna sehemu ambapo mpiga video anaongeza mwanga kwa akili kabisa, na hapo ndipo mhariri asiyeambiwa hupotea. Tuifuate kwa mfano mmoja mpaka mwisho.

Bibi harusi amesimama ukingoni mwa kivuli cha mwembe. Uso wake na sehemu kubwa ya gauni vimo kivulini. Mkia wa gauni umelala juani, ambapo mwanga ni stopu mbili zaidi. Mpiga video ana FX3 kwenye `Cine EI`, na usikivu wa msingi wa kamera ni ISO 800. Hapendi chenga kwenye sehemu za giza, kwa hiyo anaweka EI 400. Kwenye mpangilio huu, EI haibadilishi kinachorekodiwa. Kamera inabaki kwenye 800. Kinachobadilika ni picha ya kutazama, ambayo inashushwa stopu moja kabla ya kupita kwenye lati. Mpiga video anaona giza, anafungua lenzi stopu moja, monita inakuwa sawa. Kihisi kimepata mwanga mara mbili, na chenga zimepungua. Gharama yake ni nafasi ya juu: stopu moja ya kuhifadhi weupe imetumika.

Twende kwa namba za faili, ambazo kwa biti 10 huanzia 0 na kuishia 1023. Kijivu cha S-Log3 kilitakiwa kiwe 420. Kwa stopu moja ya ziada kimeandikwa 496. Mkia wa gauni uliopo juani umeandikwa 833 hivi. Kamera kwenye usikivu wake wa msingi hufika ukomo wake wa weupe karibu na 886, kwa hiyo gauni limepona, japo halikubakiza nafasi kubwa. Kama jua lingekuwa stopu tatu juu ya kivuli badala ya mbili, EI 400 ingekuwa kosa: mkia ungegonga ukomo na nakshi zake zingepotelea kwenye kadi, bila lati kuhusika. Mchana wa jua kali ningerudi kwenye EI 800, chenga kidogo zikae kivulini kuliko gauni kupotea.

Sasa faili zimefika kwa mhariri. Anafungua DaVinci Resolve, anaweka lati ileile ya monita kwenye nodi ya kwanza, na anashangaa. Picha inawaka.

"Kaka, mbona umepiga juu hivi? Gauni limekwisha."

"Halijakwisha. Nilipiga EI 400. Shusha stopu moja."

Anashusha, kwenye nodi ya pili, baada ya lati. Uso unakaa sawa. Gauni linageuka kijivu bapa, bila mkunjo wala nakshi, nao wawili wanaanza kulaumiana. Kumbe wote wana haki kidogo. Faili ina kila kitu; kilichokosewa ni mpangilio. Lati ilipokea 833, namba iliyo juu kabisa ya jedwali ambako majibu yamebanana, ikaibana pamoja na jirani zake kwenye weupe wa mwisho. Kilichofuata kilishusha weupe uliokwisha kubanwa.

Ukiibadilisha mipango, nodi ya kwanza inashusha mwanga na ya mwisho inabeba lati. Kwa kuwa kwenye logi stopu zimepangwa kwa hatua zinazokaribia kulingana, inatosha kuisogeza picha nzima chini kwa gurudumu la `Offset` mpaka kadi ya kijivu itoke 496 na kukaa 420. Gauni litashuka nalo kutoka 833 hadi karibu 757. Hapo ndipo lati ilipotarajia kulikuta, nakshi zinarudi. Karibu na weusi hatua za logi hazilingani tena, kwa hiyo giza linaweza kuzama kidogo na kuhitaji kuinuliwa kwa mkono. Mizani ya weupe nayo irekebishwe hapohapo, kabla ya lati. Kwa nodi zinazosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila marekebisho ya kile kamera ilichoona yanakaa kushoto kwa lati. Kulia kwake panabaki madoido madogo tu.

Jambo lingine linalofanana na hili hujificha kwenye programu. Faili zinaweza kutumia namba zote kutoka 0 hadi 1023, au zikatumia zile za video tu, kati ya 64 na 940. Kompyuta ikikosea kati ya hizo mbili, inazivuta namba zote bila kukwambia. Jaribu kwa S-Log3: kijivu cha 420 kinakuwa 416, ambacho hakuna jicho litakaloona. Lakini giza la 95 linashuka hadi 36, na weupe wa karatasi wa 598 unapanda hadi 624. Baada ya lati, makosa hayo madogo yanakuzwa: nywele na suti nyeusi vinageuka tope moja. Kijivu kimedanganya kwa mara ya pili. Kwenye Resolve marekebisho yapo kwenye `Clip Attributes`, sehemu ya `Data Levels`. Kabla ya kuilaumu lati kwa ukali wake, badilisha hapo kati ya `Video` na `Full` huku ukitazama weusi.

Halafu kuna lati za sura ya filamu, ambazo wengi wetu tunazipenda kupita kiasi. Resolve huja na kadhaa, na maarufu kuliko zote ni zile zenye jina la Kodak 2383, filamu iliyotumika kuchapishia nakala za kuonyeshwa sinema. Kwenye orodha utaona `Rec709 Kodak 2383 D65`. Jina linakuambia inapotokea, Rec.709, lakini halisemi inachotarajia kupokea. Inatarajia logi ya Cineon, ile iliyotumika zamani filamu zilipokuwa zinaskaniwa, siyo S-Log3. Ukiiweka moja kwa moja juu ya S-Log3 utapata picha yenye hisia, na mteja anaweza kuipenda, lakini ngozi itakuwa ya kubahatisha kila tukio. Weka kwanza nodi ya `Color Space Transform`: kuingia, `S-Gamut3.Cine` na `S-Log3`, kutoka, `Rec.709` na `Cineon Film Log`. Kisha ndipo lati. Nodi hiyo hufanya hesabu badala ya kusoma jedwali, kwa hiyo haikati kilichozidi ukingo, na kila inachotarajia kimeandikwa mbele yako kwa jina. Kwa kazi ya kawaida ya kuitoa S-Log3 kwenda Rec.709, mimi huitumia hiyo na lati naiacha kwa sura tu.

Mazungumzo ya yule mhariri na kaka yake yangeepukwa kwa mistari michache ndani ya folda ya kadi, kwenye faili la maandishi lisilo na urembo: S-Log3, S-Gamut3.Cine, EI 400, lati ya monita s709, kadi ni safi. FX3 inaweza hata kuiweka nakala ya lati kwenye kadi pamoja na vipande. Kama kuna kipande kilichochomelewa, pengine kile cha mtu wa pili aliyetumia `PPLUT`, kiandikwe kwa jina lake, ili mhariri akiweke kwenye kundi tofauti lisilopewa lati tena.

Nakala nyepesi za kuhariria ndizo sehemu ya mwisho ambako lati hujificha. Kuzichomelea lati si vibaya. Mhariri anayekata matukio anahitaji kuona nyuso, na familia ikitumiwa sampuli kwa Wasapu haitaki kuona ukungu. Shida huja siku ya kurudi kwenye faili halisi. Kama lati ilikuwa kwenye nakala, ramani ya nodi haina lati na picha itarudi ya kijivu. Mtu anaiongeza, halafu anakuta vipande viwili vitatu bado vimeunganishwa na nakala, vyeusi kama vimepita usiku. Hivyo ndivyo vimepata lati mbili. Tafuta jina la faili la kila kimoja, kirudishe kwenye faili halisi, na kabla ya kutoa video ya mwisho pita haraka kwenye mikato yote huku grafu ikiwa wazi, ukitazama karatasi, shela, kanzu, chochote cheupe kilichopo kwenye fremu.